Jina Ni Jambo Moja, Kisa Ni Jambo Lingine

Kila mwaka, wakati wa kutetea kazi za kumaliza masomo, husikika sentensi moja ambayo haibadiliki sana: «Neno hili linatokana na jina la mtu fulani, ambaye siku moja alifanya jambo fulani.» Ukumbi hucheka, jopo hutabasamu, na mtoa mada hupita kwenye ukurasa unaofuata. Mwaka jana, katika somo la leksikolojia, profesa wetu hakutabasamu. Aliuliza tu: «Nani alisema hivyo, na alisema lini?» Hakuna aliyejibu. Tangu hapo nimekuwa na daftari ambamo naandika kila dai la aina hiyo ninalokutana nalo, na mbele yake naacha nafasi mbili tupu, moja ya «nani» na nyingine ya «lini». Makala haya yametoka katika daftari hilo.

Maneno ninayoyazungumzia ni yale yaliyozaliwa na majina ya watu, ambayo wataalamu huyaita eponimu. Tunayatumia kila siku bila kuwaona wenyewe. Dereva anayenunua dizeli anamtaja Rudolf Diesel, Mjerumani aliyebuni injini hiyo. Mpiga saksofoni katika bendi ya rumba anamtaja Adolphe Sax, Mbelgiji wa Dinant. Mama anayemtuma mtoto kumwaga takataka kwenye pubeli anamtaja Eugène Poubelle, liwali wa wilaya ya Seine aliyewaamuru wenye nyumba wa Paris, kwa agizo la mwezi wa 11 mwaka 1883, waweke vyombo vyenye kifuniko kwa ajili ya taka. Hayo matatu hayana ubishi, kwa sababu yana hati: hataza, kiwanda, agizo la serikali. Lakini mengi mengine hayakuja na hati. Yalikuja na kisa, na kisa kikiwa kitamu hakuna anayekumbuka kuomba hati.

Ninachotaka kuonyesha ni kwamba dai la asili ya neno karibu kila mara ni madai mawili yaliyofungwa katika furushi moja. La kwanza ni uhusiano: neno hili limetoka kwa mtu huyu. La pili ni kisa: limetoka kwake kwa namna hii, siku hii, mahali hapa. Uhusiano unaweza kuwa kweli na kisa kikawa cha kutunga. Anayeyapima yote mawili kwa mizani moja atakataa ukweli au atakubali uongo.

Nianze na neno ambalo ushahidi wake ni mzuri kuliko yote ninayoyajua, ili tuone ushahidi mzuri una sura gani. Neno hilo ni boikoti, yaani kususia.

Kapteni Charles Cunningham Boycott alikuwa Mwingereza aliyeishi katika nyumba ya Lough Mask, karibu na Ballinrobe, wilaya ya Mayo, magharibi mwa Ayalandi. Alikuwa wakala wa bwana mwenye ardhi, Lord Erne. Yeye ndiye aliyekusanya kodi za wakulima na kuwafukuza walioshindwa kulipa. Mwaka 1880, baada ya misimu mibaya ya mavuno, wakulima waliomba wapunguziwe kodi zaidi ya walivyopunguziwa. Tarehe 19 mwezi wa 9, kiongozi wa siasa Charles Stewart Parnell alihutubia mkutano huko Ennis na kuwashauri watu wasimpige wala kumuua anayechukua shamba la jirani aliyefukuzwa, bali wamtenge: wasiseme naye barabarani, dukani, sokoni wala kanisani. Siku tatu baadaye, tarehe 22, mjumbe wa mahakama alitoka kwenda kugawa hati za kuwafukuza wapangaji wa Lord Erne, na wanawake wa kijiji wakamfukuza kwa matope. Tangu hapo wafanyakazi waliondoka kwa Boycott mmoja baada ya mwingine. Wenye maduka walikataa kumwuzia, na mavuno yakabaki shambani.

Tarehe 18 mwezi wa 10 gazeti la The Times la London lilichapa barua ya Boycott mwenyewe akieleza masaibu yake. Mwezi uliofuata wajitoleaji 50 hivi walikuja kutoka kaskazini kumvunia, wakilindwa na mamia ya askari, na gharama ya ulinzi huo ilizidi sana thamani ya mavuno yenyewe. Kabla mwezi wa 12 haujafika, kapteni alikuwa ameihama nyumba yake.

Sasa tazama neno. Tarehe 20 mwezi wa 11 mwaka huohuo, The Times iliandika kwamba watu wa New Pallas, mahali pengine kabisa, wameazimia kuwafanyia watu fulani hivyo, na kitenzi ilichotumia ni jina la kapteni. Kati ya tukio la matope na matumizi hayo kuna siku 59 tu. Katika miezi hiyo ya mwanzo waandishi mara nyingi walilifunga neno kwa alama za mtajo, au waliliandika kwa herufi kubwa. Hizo ni dalili kwamba mwandishi alijua anashika kitu kipya, na alijua kimetoka kwa nani. Muda si mrefu herufi kubwa ikaanguka, alama za mtajo zikaondoka, na Wafaransa, Wajerumani na Warusi wakawa na kitenzi chao.

Kutokana na kesi hiyo nilijitengenezea maswali matatu. La kwanza: mtu huyo aliishi kweli, na jina lake lilikuwa hilo kabla ya neno kuwepo? La pili: ushahidi wa kwanza wa kimaandishi wa neno ni wa lini, na je, unakuja baada ya tukio linalodaiwa kulizaa? La tatu: kuna daraja, yaani kuna mtu wa wakati uleule aliyeandika kwamba neno hili limetoka kwa mtu yule? Boikoti linapita maswali yote matatu bila kujikwaa. Kapteni ana barua yake gazetini, neno lina tarehe, na daraja limejengwa na waandishi waliokuwa wakilitazama neno likizaliwa.

Lakini hata hapa kuna kisa. Mwandishi wa habari wa Kimarekani, James Redpath, alisimulia katika maandishi yake ya mwaka 1881 kwamba neno lilibuniwa mezani pa padri wa parokia, John O'Malley. Redpath alikuwa anatafuta neno la kuitia adhabu hiyo ya kutengwa, kwa kuwa neno la kisomi lililokuwepo wakulima wasingelielewa, na padri akapendekeza jina la kapteni ligeuzwe kitenzi. Kisa kinaweza kuwa kweli: msimuliaji alikuwepo, na aliandika mapema. Lakini shahidi huyo ni mmoja, na anasimulia jambo ambalo yeye mwenyewe ana sehemu ya sifa yake. Kama kesho ingethibitika kwamba Redpath aliongeza chumvi, neno boikoti lingebaki la Kapteni Boycott vilevile. Uhusiano hauegemei kwenye meza ya padri.

Neno la pili katika daftari langu ni sandwichi, na hapa ufa kati ya uhusiano na kisa unaonekana wazi zaidi. Kisa tunakijua wote. John Montagu, mwenye cheo cha Earl wa Sandwich, wa nne katika ukoo wake, alipenda kamari kiasi cha kukataa kuondoka mezani, akaagiza aletewe nyama kati ya vipande viwili vya mkate ili asichafue karata.

Nianze na «lini». Ushahidi wa kwanza wa kimaandishi umo katika shajara ya Edward Gibbon, mwanahistoria aliyekuja kuandika juu ya kuanguka kwa Roma. Tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka 1762 aliandika kwamba aliwaona wakubwa wa nchi, kama 20 au 30, wakila chakula cha usiku katika klabu moja ya London kwenye meza ndogondogo: nyama baridi, au sandwichi. Hakueleza sandwichi ni nini. Asiyefafanua neno anadhani msomaji wake, hata kama msomaji huyo ni yeye mwenyewe, analijua tayari. Kwa hiyo mwaka 1762 neno lilikuwa limeshazoeleka kwa watu wa tabaka hilo.

Kisha «nani». Kisa cha kamari kinatoka kwa Mfaransa Pierre-Jean Grosley, aliyetembelea London mwaka 1765 na kuchapa kitabu cha safari yake mwaka 1770. Aliandika kwamba waziri mmoja wa dola alikaa saa 24 kwenye meza ya kamari bila chakula kingine ila nyama ya ng'ombe kati ya mikate, na kwamba chakula hicho kipya kilianza kupendwa wakati yeye, Grosley, akiwa London, kikapewa jina la waziri huyo. Weka hilo kando ya shajara ya Gibbon. Grosley anasema kilivuma wakati wa ziara yake ya 1765. Gibbon alikwisha kuliandika neno miaka mitatu kabla, bila kushangaa. Basi Grosley hakuona mwanzo. Alisikia hadithi na akaisogeza hadi kwenye safari yake, jambo ambalo wasafiri hulifanya tangu zamani. N. A. M. Rodger, aliyeandika wasifu wa Earl huyo, alionyesha kwamba hadithi ya kamari haina mguu mwingine ila kitabu hicho, na kwa kuwa Earl alikuwa mtu wa kazi nyingi serikalini, alipendekeza kwamba huenda mkate ule uliliwa kwenye dawati la kazi.

Hapo wengine hukimbilia kusema: basi asili ya sandwichi ni uongo. Hapana. Mtu alikuwepo. Cheo chake kilikuwa chake tangu utotoni. Neno linaonekana akiwa hai, katika tabaka lake na katika mji wake, na shahidi wa wakati uleule anasema limetoka kwa mtu mkubwa wa dola. Uhusiano unasimama, ingawa daraja lake ni jembamba kuliko la boikoti. Kilichoanguka ni meza ya kamari, na hiyo ndiyo sehemu tuliyoikariri zaidi.

Yapo pia madai ambayo uhusiano wenyewe haupo. La haraka ni kondomu. Inasemwa kwamba lilitoka kwa daktari Condom, tabibu katika baraza la Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza, aliyetawala kuanzia 1660 hadi 1685. Watafiti wamemtafuta daktari huyo katika kumbukumbu za wakati wake na hawakumpata. Neno linaonekana katika maandishi mwanzoni mwa karne ya 18, lakini mwenye jina haonekani popote mpaka hadithi inapoanza kumtaja. Hapa tunakwama kwenye swali la kwanza, na hatuna sababu ya kufika la pili. Alama ya hadithi za namna hii ni kwamba mtu hana maisha mengine: hana mwaka wa kuzaliwa, hana kaburi, hana barua. Alikuja duniani kulizaa neno tu, kisha akatoweka.

Nimezunguka London na Ayalandi kwa sababu huko magazeti yamehifadhiwa vizuri na njia inaonekana. Lakini swali la profesa lilinirudisha kwenye neno la kwetu, ambalo nililisikia nyumbani kabla sijajua kusoma. Babu yangu mzaa mama alikuja Katanga kutoka upande wa Matadi kwa kazi ya reli. Yeye hakusema «serikali». Alisema Bula Matari. Bula Matari amepandisha kodi. Bula Matari anahesabu watu. Usicheze na Bula Matari. Kwake neno hilo lilikuwa mtu, ofisi na hofu kwa pamoja. Shuleni tulifundishwa kwamba Bula Matari ni Stanley, na kwamba maana yake ni «mvunja mawe».

Hili si jina la mtu kwa maana ile ya Boycott. Ni jina la kupewa, lililogeuka kuwa nomino ya dola. Lakini linapimika kwa maswali yaleyale, na ndani yake kuna jambo zito kuliko mkate wa nyama.

Umbo la neno halina shida. Kwa Kikongo, *bula* ni kupiga au kuvunja, na *matadi* au *matari* ni mawe. Tofauti ya d na r mbele ya i ni ya lahaja. Mama yangu husema matadi, kama jina la mji, na babu alisema matari pale tu alipoitaja serikali. Hiyo yenyewe ni dalili ndogo: neno la dola lilimfikia kwa matamshi yasiyokuwa ya kwao, kama kitu kilichokwisha kugandishwa mahali pengine.

Swali la kwanza: mtu aliishi? Henry Morton Stanley aliishi, 1841 hadi 1904, na kwenye jiwe la kaburi lake huko Pirbright, Uingereza, maneno Bula Matari yamechongwa chini ya jina lake. Hakuna eponimu yenye cheti kizito kuliko hicho.

Swali la tatu, la daraja, nalo lina jibu la haraka. Stanley mwenyewe alieleza katika kitabu chake cha 1885 juu ya kuanzishwa kwa Dola Huru ya Kongo. Alikuwa Vivi, ng'ambo ya mto kutoka mahali pa Matadi ya leo, akifungua barabara ya kuzunguka maporomoko. Aliwaonyesha wafanyakazi jinsi ya kutumia nyundo kubwa kupasulia miamba, na machifu wa Vivi waliokuwa wakitazama wakamwita Mvunja Mawe. Tangu hapo jina likamtangulia kila alikokwenda.

Basi imekwisha? Hapo ndipo swali la pili, lile la «lini», linapofanya kazi yake. Mwaka 1591 huko Roma, Filippo Pigafetta alichapa maelezo ya ufalme wa Kongo aliyoyapata kwa mfanyabiashara Mreno Duarte Lopes, aliyeishi Kongo kuanzia mwaka 1578. Ndani ya kitabu hicho anatajwa jamaa wa mfalme Álvaro wa Kwanza, mtu mkubwa aliyeipinga mafundisho ya wamisionari na kutetea desturi ya kuwa na wake wengi. Alizikwa kanisani, na inasimuliwa kwamba pepo waliutoa mwili wake usiku. Anaitwa Don Francisco Bullamatare, na kitabu kinaeleza kwamba jina hilo lina jiwe ndani yake.

Tulia hapo kidogo. Jina lilikuwa limeandikwa karibu miaka 290 kabla nyundo ya Vivi haijainuliwa. Lilikuwa la Mkongo, wa ukoo wa kifalme, na lilibebwa na mtu mwenye nguvu asiyeinama.

Hili linathibitisha nini, na halithibitishi nini? Halithibitishi kwamba maana ya «serikali» ni ya kale. Don Francisco hakuwa serikali, na kitabu cha 1591 hakitumii jina lake kama nomino ya kawaida. Maana ya dola inaonekana baada ya Stanley tu: kwanza yeye, kisha wakala wa Dola Huru waliomfuata, kisha utawala wote wa Wabelgiji, mpaka kufikia mdomo wa babu yangu. Uhusiano kati ya Stanley na neno la dola unasimama.

Kinachotikisika ni kisa. Katika kisa cha Stanley, machifu wanamwona mzungu akivunja jiwe, wanashangaa, na wanabuni jina jipya kwa ajili ya maajabu hayo. Lakini kama jina lilikwisha kuwepo katika lugha kama jina la mtu mwenye nguvu, machifu hawakuhitaji nyundo ili kulipata. Inawezekana walichukua jina walilolijua wakampa mgeni aliyewafaa, kama vile sisi tunavyompa mtu jina la shujaa au la jeuri. Inawezekana pia nyundo iliwakumbusha jina. Na inawezekana majina mawili yameundwa mbali mbali kutoka kwa maneno yaleyale mawili ya kawaida, kwa kuwa *bula* na *matari* si maneno adimu. Ushahidi wa 1591 hauchagui kati ya hayo matatu. Unachofanya ni kulizuia lile la kwanza, lisimame peke yake kana kwamba halina mpinzani.

Na shahidi wa kisa ni nani? Ni yule anayesifiwa. Grosley alisimulia juu ya mwingine. Redpath alijipa sifa ya kuwepo mezani tu. Stanley alisimulia jinsi alivyotukuzwa, katika kitabu kilichoandikwa ili kuinadi dola ambayo yeye na Mfalme Leopold wa Pili walikuwa wameijenga. Kwa hiyo kurudia kisa hicho bila kusema kimetoka kwa nani si kosa dogo la mwanafunzi. Ni kumwachia Stanley aandike kamusi yetu, na kuwafanya machifu wa Vivi watazamaji walioduwaa, wakati huenda walikuwa wakitumia jina lenye historia yao wenyewe.

Kwa wenzangu wanaoandika kazi kuhusu maneno ya mkopo, naongeza mambo mawili ya vitendo, kwa sababu ndipo wengi tunapopotea hata tukiwa na nia njema.

La kwanza ni jinsi ya kutafuta tarehe. Kamusi nyingi zinatoa maana bila mwaka, na hazitusaidii hapa. Kwa Kifaransa, hazina kuu ya lugha iliyoandaliwa Nancy, ambayo mtandaoni huitwa TLFi, hutoa mwaka wa ushahidi wa kwanza na andiko lenyewe, bila malipo. Magazeti ya zamani ya Ufaransa yamo katika Gallica, ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, na vitabu vya Stanley na Pigafetta vinasomeka bure katika archive.org. Kwa Kikongo tunayo kamusi ya Bentley ya 1887 na ya Laman ya 1936, na inafaa kuanza na ile iliyo karibu zaidi na tukio.

Ukitafuta katika magazeti, usitafute jina peke yake. Ukiandika `boycott` utapata maelfu ya watu wa ukoo huo waliooa, waliozikwa na waliouza mashamba kabla ya 1880, na utadhani umegundua ushahidi wa kale. Andika `boycotting` au `boycotted`, maumbo ambayo jina la ukoo haliwezi kuyavaa. Kisha fungua picha ya ukurasa wenyewe. Mashine iliyosoma maandishi ya zamani hukosea herufi, na mara nyingi mwaka ulioandikwa juu ya faili ni wa toleo la kwanza la mfululizo, si wa ukurasa ulio mbele yako. Tarehe isiyoonekana kwenye picha ya ukurasa bado si tarehe.

La pili ni kwamba ushahidi wa kwanza tulionao si neno la kwanza lililosemwa. Ni la kwanza lililoandikwa, likahifadhiwa, na likapatikana. Kwa lugha zetu, pengo kati ya kusemwa na kuandikwa linaweza kuwa karne nzima. Kwa hiyo tarehe ina nguvu upande mmoja tu. Neno likionekana kabla ya mtu kuzaliwa, dai limekufa. Neno likionekana baada yake, dai limebaki hai, lakini halijashinda. Mzee anayekumbuka jinsi neno lilivyotumika ni shahidi pia, mradi tuandike jina lake, mahali na siku tuliyomsikia. Tukiandika tu «wazee wanasema», tumemgeuza kuwa daktari Condom.

Katika daftari langu ukurasa wa Bula Matari haujafungwa, lakini nimeshaandika namna ninavyodhani kamusi ya Kiswahili cha Kongo ingeweza kuliingiza neno hili bila kudanganya mtu. Nauweka hapa ili wenzangu na walimu wausahihishe: «Bula Matari: dola ya kikoloni, serikali, hasa inapoogopwa. Kutoka Kikongo, kuvunja na mawe. Maana ya dola imetokana na jina aliloitwa H. M. Stanley, Vivi, kuanzia 1879 hivi. Stanley mwenyewe (1885) anasema alipewa na machifu kwa kuvunja miamba. Hakuna shahidi mwingine aliyetajwa hapa. Jina lenyewe limeandikwa tangu 1591, la mtu wa ukoo wa mfalme wa Kongo.»

Ni mistari michache, na hakuna atakayecheka ukumbini ikisomwa. Lakini profesa akiuliza nani alisema, na alisema lini, kila sentensi ina jibu lake.